Kukimbia si ushahidi wa kuelewa: umri wa kuwajibika kijinai na mtoto wa miaka 12

Swali: "Mtoto wa miaka 12 anavunja kufuli, anaona watu wanakuja, anatimua mbio. Huko kukimbia si ushahidi tosha kwamba alijua anakosea? Sasa kwa nini sheria imtofautishe na mtu mzima, na kwa nini nchi moja iseme miaka 10 na nyingine 14? Na mwenye mali naye afanyeje?"

Jibu:

Kukimbia kunathibitisha jambo moja tu bila ubishi: mtoto hakutaka kukamatwa. Mtoto anayekimbia baada ya kuvunja kioo cha jirani kwa mpira hutimua mbio kwa kasi ileile anayokimbilia yule aliyevunja kufuli, kwa sababu wote wawili wanaogopa ghadhabu ya mtu mzima. Sheria ya jinai, panapohusika mtoto wa umri huo, huuliza swali lililo zito zaidi, yaani kama alielewa kwamba alichokitenda ni kosa kubwa na si utukutu wa kawaida unaoishia kwa kukemewa. Namna sheria ilivyofika kwenye swali hilo, na namna ilivyoshindwa mara kwa mara kulijibu kwa uaminifu, ndiyo itakayoeleza karibu yote uliyouliza.

Tuanze na mpangilio wenyewe. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza, utoto umegawanywa katika ngazi tatu mbele ya sheria ya jinai. Chini ya umri fulani mtoto hawezi kushtakiwa kabisa, hata akiri mwenyewe, hata mashahidi 20 wawe walimwona. Sheria haimpi nafasi mtu yeyote ya kuthibitisha kinyume chake. Juu ya umri huo ipo miaka michache ya katikati ambapo sheria inachukulia kwamba mtoto hana uwezo wa kutenda jinai, lakini upande wa mashtaka unaruhusiwa kuivunja dhana hiyo kwa ushahidi. Baada ya hapo mtoto anawajibika kijinai, ingawa bado ni mtoto na bado anastahili mahakama, utaratibu na adhabu tofauti na za mtu mzima mpaka atimize miaka 18. Kwa hiyo swali la kama mtoto anaweza kuwa na hatia, na swali la namna ya kumshughulikia akiwa na hatia, ni mawili. Watu wengi huyachanganya, na nadhani hapo ndipo hasira inapotoka: wakisikia mtoto ametendewa tofauti hudhani amesamehewa.

Chini ya sheria ya Tanzania Bara, kwa mfano, kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu kinamweka mtoto wa chini ya miaka 10 nje ya jinai kabisa, na yule aliyefikisha 10 lakini hajafikisha 12 hawajibiki isipokuwa ithibitishwe kwamba alipotenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kutenda hivyo. Kenya ilikuwa na mpaka wa miaka 8 tangu enzi za ukoloni, hadi Sheria ya Watoto ya 2022 ilipoupandisha kuwa 12 na kuweka dhana inayoweza kuvunjwa hadi miaka 14. Mtoto wako wa miaka 12, basi, angekuwa ameshavuka ngazi ya katikati katika nchi moja na angekuwa ndani yake katika nchi jirani, kwa tendo lilelile. Nitarudi kwenye tofauti hizo, lakini kwanza tuliangalie shauri moja ambalo linafanana mno na swali lako.

Mwezi wa Juni 1992, katika jiji la Liverpool nchini Uingereza, polisi waliwaona wavulana wawili wakiwa na pikipiki iliyoegeshwa kwenye kiwanja cha mtu binafsi. Mmoja alishika usukani, na mwingine alikuwa akijaribu kuvunja mnyororo na kufuli kwa mtaimbo. Walipowaona polisi walikimbia, na mmoja wao, aliyetajwa mahakamani kwa herufi C tu, alikamatwa. Alikuwa na miaka 12. Wakati huo sheria ya Uingereza ilikuwa na mpaka wa miaka 10 na dhana inayoweza kuvunjwa kati ya miaka 10 na 14, kwa hiyo upande wa mashtaka ulikuwa na kazi mbili: kuthibitisha kwamba C alifanya kitendo hicho, na kuthibitisha, kwa kiwango kilekile cha kutoacha mashaka ya msingi, kwamba alijua ni kosa zito.

Kazi ya kwanza haikuwa ngumu. Katika ile ya pili, mahakimu waliangalia ukubwa wa uharibifu, wakaangalia kwamba alikimbia, wakahitimisha kwamba alijua. Wakamtia hatiani. Ni hitimisho lilelile ulilofikia wewe katika swali lako, na ni la kawaida kabisa kibinadamu.

Shauri lilipopanda rufaa mwaka 1994, Jaji Laws alikubali kwamba kukimbia hakuthibitishi kitu, lakini badala ya kumwachia mtoto aliishambulia dhana yenyewe. Alisema ilitokana na zama ambazo adhabu zilikuwa za kikatili na watoto hawakuwa na shule ya lazima, na kwamba inaleta matokeo ya kupotosha: mtoto aliyelelewa vyema ni rahisi kumthibitishia kwamba alijua, ilhali yule ambaye hakufundishwa chochote nyumbani, ambaye pengine ndiye anayeelekea zaidi kuvunja sheria, anaponyoka. Kwa hoja hizo alitangaza kwamba dhana hiyo si sehemu ya sheria tena. Hoja yake kuhusu malezi ina ukweli unaouma, na mpaka leo sijasoma jibu linaloiondoa yote.

Mwaka 1995 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo, lilitengua uamuzi wa Jaji Laws. Lodi Lowry, aliyetoa hukumu yenyewe, hakudai kwamba dhana hiyo haina kasoro. Alisema kwamba sheria iliyodumu karne nyingi na ambayo Bunge limeiacha ikiijua haiwezi kufutwa na jaji mmoja. Kisha akaweka mambo mawili ambayo mawakili wa watoto wanayatumia hadi leo. La kwanza ni kwamba ushahidi wa kuvunja dhana lazima uwe kitu zaidi ya kitendo chenyewe, hata kitendo kiwe cha kutisha kiasi gani. Huwezi kusema kwamba tendo ni baya mno na kwa hiyo lazima mtoto alijua, maana hapo unatumia jambo linalobishaniwa kujithibitisha lenyewe. La pili ni kwamba kukimbia kwa kawaida hakuelemei upande wowote, kwa sababu mtoto hukimbia baada ya utukutu kama anavyokimbia baada ya uovu. C akaachiwa.

Unaweza kuuliza ni ushahidi gani basi ungetosha. Kwa desturi mahakama huangalia yale mtoto aliyoyasema alipohojiwa na polisi, iwapo alihojiwa kihalali na mzazi au mtu mzima anayemwamini alikuwepo. Maelezo ya mwalimu kuhusu uelewa wake na yale ambayo aliwahi kufundishwa au kuonywa. Maelezo ya nyumbani. Na pengine taarifa ya mwanasaikolojia aliyemchunguza. Yale aliyoyafanya kabla na baada ya tendo huweza kusaidia pia, mradi yaonyeshe kuelewa badala ya hofu tu. Mtoto aliyepanga siku tatu kabla, akamtuma mdogo wake alinde njia na baadaye akamwambia rafiki kwamba polisi wakijua watamfunga, ameacha nyuma yake alama za kuelewa ambazo mbio peke yake hazina.

Umri wenyewe pia una uzito ndani ya ngazi hiyo. Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini humo, ilieleza mwaka 2016 katika shauri la mvulana aliyekuwa na miaka 11 na miezi kadhaa kwamba haiwezekani kudhania tu kuwa mtoto wa umri fulani ana ujuzi fulani wa kimaadili. Lazima ithibitishwe kwa huyo mtoto mmoja, na kadiri anavyokuwa karibu na mpaka wa chini ndivyo ushahidi unavyopaswa kuwa na nguvu zaidi.

Kinachoharibika mahakamani kwa kawaida ni kwamba mzigo wa uthibitisho unageuzwa kimyakimya. Wakili au mzazi anasimama na kueleza kwamba mtoto hakuelewa, hakimu anapima maelezo hayo na kuyaona hayatoshi, na mtoto anatiwa hatiani, ilhali sheria haikumtaka athibitishe chochote. Ukisoma hukumu ya namna hiyo utaitambua haraka: tafuta aya inayotaja ushahidi wa uelewa wa mtoto, ulioletwa na upande wa mashtaka, tofauti na ushahidi wa tendo. Ikiwa hakuna aya hiyo, au ikiwa ndani yake mna maelezo ya tendo tu yaliyorudiwa kwa maneno mengine, dhana haikuvunjwa.

Uingereza yenyewe haikuivumilia hali hiyo kwa muda mrefu. Kifungu cha 34 cha sheria iliyopitishwa na Bunge lake mwaka 1998 kiliifuta dhana hiyo, na mwaka 2009 Baraza la Malodi likathibitisha kwamba mtoto wa miaka 10 na kuendelea hawezi hata kuitumia kama utetezi wake mwenyewe. Uingereza na Wales kwa hiyo zinamchukulia mtoto wa miaka 10 kuwa na uwezo kamili wa kutenda jinai. Uskoti, iliyo ndani ya ufalme uleule, imepandisha mpaka wake kutoka 8 hadi 12.

Sasa nije kwenye sababu za kumtofautisha mtoto. Wengi husema tu kwamba mtoto hajui, na jibu hilo ni dhaifu, kwa sababu mtoto wa miaka 13 anajua mengi. Ukimkalisha chumbani akiwa ametulia, ukampa muda na kumuuliza iwapo kuiba ni kosa na kwa nini, atakujibu vizuri, na kufikia miaka 16 hivi uwezo wake wa kufikiri katika utulivu unakaribia ule wa mtu mzima. Kinachochelewa ni uwezo wa kuutumia ujuzi huo katika joto la tukio. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kujizuia na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi miaka ya 20, ilhali mifumo inayoitikia msisimko na zawadi huwa imeshaamka mapema, tangu kubalehe. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, watafiti wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwapa vijana na watu wazima mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, baadhi yao wakiwa peke yao na wengine wakiwa pamoja na wenzao. Wenzao walipokuwepo, vijana wa miaka 13 hadi 16 walithubutu hatari nyingi zaidi kuliko waliokuwa peke yao, ilhali kwa watu wazima kuwepo kwa wenzao hakukubadilisha mengi. Mfikirie tena yule C: hakuwa peke yake, na mimi ningetaka kujua wazo la pikipiki lilitoka kwa nani.

Mwaka huohuo wa 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku hukumu ya kifo kwa makosa yaliyotendwa kabla ya miaka 18, katika shauri la Roper dhidi ya Simmons, na ikataja tofauti tatu: kutokomaa kunakozaa maamuzi ya pupa, wepesi wa kushawishiwa na kushinikizwa na wengine pamoja na kukosa uwezo wa kujitoa katika mazingira hayo, na tabia ambayo bado haijajengeka. Hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi katika adhabu. Adhabu ya mtu mzima hudhania, kwa kiasi fulani, kwamba tendo limetoka katika tabia yake. Kwa mtoto dhana hiyo haina msingi imara, na vijana wengi wanaovunja sheria huacha wenyewe wanapokua. Kumfunga katika miaka ambayo angekuwa anaacha, na pamoja na watu wazima waliobobea, huweza kumfanya akae katika njia aliyokuwa akiipita tu. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 37, unataka kumzuilia mtoto kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri inavyofaa, na unakataza kifo pamoja na kifungo cha maisha kisicho na uwezekano wa kuachiliwa.

Kutoka hapo utaona kwa nini Ujerumani imechagua njia tofauti, ambayo binafsi naiona ya kiakili zaidi. Mpaka wake ni miaka 14, na chini yake hakuna mashtaka kabisa. Lakini hata kuanzia 14 hadi kabla ya 18 mahakama ya vijana lazima ijiridhishe, kwa kila mmoja, kwamba alikuwa amekomaa vya kutosha kuutambua ubaya wa tendo na vilevile kutenda kulingana na utambuzi huo. Sehemu hiyo ya pili haimo katika jaribio la Kiingereza, ambalo linauliza kuhusu kujua tu. Mtoto aliyejua lakini hakuwa na nguvu ya kumkatalia kaka yake mkubwa hana pa kujificha mbele ya swali la Lodi Lowry, ilhali mbele ya sheria ya Kijerumani anayo hoja.

Kuhusu nambari zenyewe, Mkataba wa 1989 unazitaka nchi ziweke umri wa chini lakini hautaji ni upi. Kanuni za Beijing za 1985, ambazo ni za Umoja wa Mataifa kuhusu kesi za jinai za watoto, zilisema tu usiwe wa chini mno, kwa kuzingatia ukomavu wa kihisia, kiakili na kiufahamu. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilisema mwaka 2007 kwamba chini ya 12 hakukubaliki, na mwaka 2019, ikizingatia utafiti kuhusu ubongo, ikazihimiza nchi zifike angalau 14. Kamati hiyohiyo inaipinga mipaka miwili yenye dhana ya katikati niliyoieleza: ilibuniwa kumlinda mtoto, inasema, lakini inamwachia hakimu hiari kubwa na kuzaa ubaguzi. Nakubaliana na utambuzi wake wa tatizo, ila sikubali kwamba nchi yenye mpaka wa 10 ifute dhana bila kwanza kuupandisha mpaka, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa Uingereza, na aliyepoteza ni mtoto.

Umri unaohesabiwa ni ule wa siku ya tendo, si wa siku ya kusomewa mashtaka, na ushahidi bora ni cheti cha kuzaliwa au kumbukumbu za kliniki na shule. Palipokosekana nyaraka, vipimo vya eksirei ya mifupa ya kiganja hutoa makadirio tu ambayo yanaweza kukosea kwa mwaka mmoja hata miwili, na kosa la mwaka mmoja karibu na mpaka ndilo shauri zima. Shaka ikibaki, inapaswa kumnufaisha mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo umri wa kuwajibika haulitatui. Mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua mashauri ya wavulana wawili waliotajwa kama T na V, ambao kesi yao ya mauaji ilisikilizwa walipokuwa na miaka 11, katika mahakama ya wazi ya watu wazima. Haikuona kwamba mpaka wa miaka 10 peke yake unavunja haki zao. Iliona hata hivyo kwamba hawakupata kesi ya haki, kwa kuwa hawakuweza kushiriki ipasavyo: kizimba kilikuwa kimeinuliwa ili waweze kuona, jambo lililowafanya wajihisi wanakodolewa macho na ukumbi mzima. Mtoto anaweza kuelewa kwamba kuua ni vibaya na bado asiweze kumwelekeza wakili wake wala kufuata yanayosemwa juu yake.

Na mwenye mali? Kutowajibika kijinai hakufuti hasara yake wala hakumlazimishi kunyamaza. Madai ya fidia ni suala la madai, lenye kanuni zake katika kila nchi kuhusu mtoto mwenyewe na kuhusu mzazi aliyezembea kumwangalia. Mtu mzima aliyemtuma mtoto kuvunja kufuli anashtakiwa yeye kama mtendaji, na kutowajibika kwa mtoto hakumkingi hata kidogo. Mtoto aliye chini ya mpaka hupelekwa kwa maofisa wa ustawi wa jamii, ambao huchunguza nyumbani na shuleni na wanaweza kuomba amri za mahakama za kumlinda, ila si za kumwadhibu. Aliye juu ya mpaka anaweza kuondolewa katika mkondo wa mashtaka kwa makubaliano, iwapo anakiri kwa hiari yake na akiwa na ushauri wa kisheria: kikao na aliyedhurika, kuomba radhi, kurudisha au kutengeneza alichoharibu kwa kiwango anachokiweza. Kufuli lililovunjwa hulipwa mara nyingi zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa kifungo, na kama mwenye mali atahudhuria kikao hicho ni uamuzi wake, asishurutishwe na mtu.